Mrejesho: Msamaha wa ada za maombi ya vyuo

Niliuliza: "Nataka kuomba shahada ya uzamili vyuo vinane, ada zote sizimudu. Nianzie wapi?"

Wakuu, nimerudi. Anzeni na ukurasa wa ada wa kila chuo. Viwili kati ya vinane havikutoza chochote. Vitatu vilisamehe kwa barua pepe iliyotumwa wiki nne kabla ya mwisho, yenye jina la programu, namba ya maombi, sentensi mbili kuhusu kipato na uthibitisho mmoja. Kimoja kilikataa kwa sababu msamaha wake ni wa raia na wakazi tu, sharti lililokuwa limeandikwa wazi. Viwili havikujibu, nikaviacha. Nimelipia hicho kimoja kilichokataa tu.

Jambo la kuogopa ni kulipa kwanza ukitegemea kurudishiwa, maana kwa kawaida ada ikishalipwa hairudi. Jaza fomu hadi ukurasa wa malipo, kisha usubiri msimbo wa msamaha. Ukikubalika, kiasi kinasomeka sifuri. Kisipobadilika, usibonyeze kulipa, waandikie tena.

Matokeo ya masomo nayo yana gharama. Vyuo vingi hupokea nakala uliyoiskani wakati wa kuomba, na halisi hudaiwa ukishapata nafasi.