MREJESHO: Maji ya kusukia siagi na mtindi kwenye keki

Niliuliza: "Maji yanayobaki nikisuka siagi yanaweza kushika nafasi ya mtindi kwenye keki?"

Ahsanteni wapendwa, hasa dada wa Wete aliyesema nionje kwanza. Malai yangu yalikuwa mabichi, kwa hiyo maji yake ni matamu, mepesi, hayana ukali. Nilitia chembe ya bekingi soda kijikoni: kimya. Kwenye mtindi ilitoa povu papo hapo.

Siri yote ipo hapo. Soda inahitaji ukali ndipo itoe hewa. Keki yangu ya unga vikombe 2, mtindi kikombe 1 na soda nusu kijiko cha chai huumuka vizuri, laini ndani. Kwa maji matamu na soda ileile ilitoka nzito, ya manjano, na ladha ya sabuni.

Sasa nikitumia maji hayo naacha soda, naweka bekingi pauda vijiko 2 vya chai, na napunguza maji kidogo kwa kuwa ni mepesi kuliko mtindi. Inaumuka, ila ule ukali mtamu wa mtindi haupo. Mkiacha malai yachachuke kabla ya kusuka, maji yake yatakuwa makali, na soda itafanya kazi.