MREJESHO: Shiti ya waombaji kazi, siku kwa kila hatua

Niliuliza: "Niko HR hapa Iringa, nawezaje kuona kila mwombaji amekaa siku ngapi kwenye kila hatua, hata aliyeruka hatua au aliyekataliwa?"

Wakuu asanteni sana, imekubali. Nilifuata ushauri wa kumpa kila mwombaji mstari mmoja na tarehe za kuingia hatua: C ombi, D mchujo, E usaili, F ofa, G faili kufungwa. Kisha hii, nikaivuta kulia hadi ya ofa:

```
=IF(C2="","",IF(COUNT(D2:$G2)=0,TODAY(),MIN(D2:$G2))-C2)
```

Inatafuta tarehe inayofuata popote ilipo, kama hakuna inahesabu hadi leo. Kuna dada wa Mafinga aliomba 3 Machi akaitwa usaili 17 Machi bila kupita mchujo, inasoma 14 na imesimama hapo, na waliokataliwa nao wanasimama mara tu G ikijazwa. Ikileta #VALUE! angalia tarehe, ikiwa imekaa kushoto mwa seli mara nyingi ni maandishi tu, iandike upya. Ikileta tarehe badala ya siku, badili fomati iwe Number.

Alama za shotilisti ndo zimegoma nusu. Kuzidisha kwa uzito (uzoefu 50, usaili 30, cheti 20) kunaenda vizuri kabisa ila msaili mmoja mkali, na waombaji wengine hakuwaona, kwa hiyo wastani unawabeba waliokutana na mpole tu. Kwa sasa nawalinganisha waliosailiwa na jopo lilelile, wengine nawaweka pembeni hadi jopo likamilike.