Naomba ushauri: "ziada" kwenye barua ya fidia

Habari wanajukwaa. Tunageuza barua za madai ya bima kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili chepesi, na tumekwama kwenye ile sehemu ya hasara anayobeba mteja mwenyewe. Kiolezo cha zamani kinaiita "ziada". Msomaji akiona "ziada 100,000" anaelewa ataongezewa, kumbe anakatwa.

Nimeandika hivi: "Hasara yako ni 800,000. Kwa mkataba wako, unabeba asilimia 10 ya hasara, lakini si chini ya 100,000. Asilimia 10 ni 80,000, hivyo unabeba 100,000. Tutakulipa 700,000." Hapo kwenye "si chini ya" ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanatarajia 720,000.

Mwanasheria anataka neno moja linalolingana na mkataba, ambao nao unasema "ziada". Nafikiria "mchango wako katika hasara", ila nahofia utasomeka kama ada ya kulipa kwanza. "Makato" nayo hayasemi yametoka wapi.

Mnatumia neno gani? Na je, 700,000 ianze juu kabisa, kisha hesabu ifuate?