Nimeambiwa nina mangal dosha, ndoa isimame?

BintiTemeke: Wakuu, mchumba wangu ni Mhindu wa Kigujarati, hapa hapa Dar. Wazee wao walimpa panditi, kuhani wao, tarehe na saa yangu ya kuzaliwa, jibu ndilo hili: Mirihi, wao wanaiita Mangal, iko nyumba ya 12, hiyo ni dosha, yaani kasoro, kwa hiyo mume atakufa mapema. Wanataka kwanza niozeshwe chungu cha udongo, balaa limalizikie huko. Ushauri tafadhali.

Kisauni77: Nyota zenu zimegongana tu. Pigeni hesabu ya majina yenu na ya mama zenu.

Buruji12: Hiyo ni falaki ya majina, hajauliza hiyo. Hapa nyumba, yaani mafungu 12 ya anga, zinahesabiwa kuanzia lagna, buruji iliyokuwa ikichomoza ulipozaliwa. Mirihi ikikaa ya 1, 4, 7, 8 au 12 wanasema una dosha. Kusini mwa India huongeza ya 2. Nyumba ya 7 ndiyo ya mwenzi, na wanaamini Mirihi ikiwa ya 12 inaitupia jicho kali. BintiTemeke, saa uliyowapa uliitoa wapi?

BintiTemeke: Kadi ya kliniki, nilituma picha. Imeandikwa 2:10. Nilizaliwa asubuhi, mwezi wa sita.

Buruji12: Saa mbili na dakika kumi ya Kiswahili hiyo! Kwenye programu ilitakiwa 08:10. Tazama karatasi yao juu kabisa.

BintiTemeke: Eh, wameweka 02:10. Lagna Mesha, Mangal Mina, Mwezi Simha.

Buruji12: Basi wamekosea saa 6. Lagna huhama buruji moja kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo kutoka Mesha, yaani Kondoo, inafika Kaa. Mirihi yenyewe haijasogea, ipo Mina, yaani Samaki. Kutoka Kondoo ni nyumba ya 12, kutoka Kaa ni ya 9. Ya 9 haina dosha.

Mzalendo_Tz: Hata ingekuwepo, akifika miaka 28 inaisha.

Buruji12: Wapo wanaosema hivyo, wengine wanakataa. Linalokubalika zaidi ni wote wawili kuwa nayo, ndipo zinafutana.

Nakshatra_Moja: Asishangilie mapema. Wengi huhesabu pia kutoka Mwezi na Zuhura. Mwezi wake uko Simba, na kutoka Simba hadi Samaki ni ya 8.

Buruji12: Kweli, na ndiyo sababu mimi siipi uzito. Kwa lagna peke yake, nyumba 5 kati ya 12 zina dosha. Ongeza Mwezi na Zuhura, karibu watu 8 kati ya 10 wanaingia. Wangekuwa wanafiwa wote hao? Wala hakuna ushahidi kwamba ndoa zao huvunjika zaidi.

BintiTemeke: Sasa nifanyeje na wazee?

Buruji12: Usitume saa mpya kwanza. Mchumba amuulize panditi anahesabu kutoka wapi na nini kinaifuta, kisha amwombe amsomee na yeye mchumba kwa kanuni hizo hizo.

Nakshatra_Moja: Mimi ningekubali chungu yaishe. Ni asubuhi moja tu.

BintiTemeke: Asubuhi moja, halafu mtoto akiugua itasemwa ni mimi.