Dashibodi imelipiwa hela nyingi, ukigusa nguzo inamtaja afisa asiye na kosa! Hivi hawa mafundi huwa wanazijaribu chati zao?

Karani wa Mikopo (mleta uzi)

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

SACCOS yetu ilimlipa mtaalamu atutengenezee dashibodi ya Power BI ya kufuatilia mikopo iliyochelewa. Kazi ikapokelewa kwa makofi. Kila tawi lina nguzo yake inayoonyesha PAR30, yaani ni asilimia ngapi ya salio la mikopo iko kwa watu waliochelewa kulipa zaidi ya siku 30. Rangi safi, bodi ikafurahi. Kisha kwenye kikao mwenyekiti akapeleka mausi juu ya nguzo ya tawi la Mjini, kile kisanduku kikafunguka hivi:

```
Tawi          Mjini
PAR30         7.75%
Sum of PAR    27.00%
Sum of Riba   11,340.00
First Afisa   A*****
```

Jina nimelificha mimi. Mwenyekiti akauliza, tushike 7.75 au 27? Hakuna aliyemjibu. Riba 11,340 ni ya nchi gani, wakati sisi wanachama wote tunawakopesha kwa asilimia 18 kwa mwaka? Lakini kilichonichefua zaidi ni huo mstari wa mwisho. Bodi ikausoma kwamba A ndiye "afisa wa kwanza" kwa madeni mabaya, dada wa watu akaandikiwa barua ya kujieleza. Tawi la Mjini lina maafisa watatu, na mikopo yake ndiyo misafi kuliko ya wenzake wote!

Bado sijamaliza. Nguzo ndefu kuliko zote ni ya tawi la Mnadani, 25%, imepakwa nyekundu. Meneja wake alisemwa mbele ya watu mpaka akakosa la kujibu. Nilipofungua daftari nikakuta Mnadani ni tawi jipya lenye mikopo minne tu, salio lote milioni 40, na aliyechelewa ni mmoja mwenye milioni 10. Mjini pesa zilizochelewa ni milioni 62, na meneja wake hakuguswa. Kisanduku hakikusema lolote kuhusu hilo. Kimerudia jina la tawi, ambalo limeshaandikwa chini ya nguzo, na asilimia, ambayo imeshaandikwa juu yake.

Naomba kueleweshwa: hii ni programu imekosea, au ni fundi?

---

Mzee wa Shortikati

Mkuu unajichosha bure, hiyo ni kazi ya dakika moja. Bofya chati, nenda kwenye Tooltips, pale penye Sum of PAR bofya kale kamshale, badilisha Sum iwe Average. Ile 27 itaondoka. Riba nayo fanya hivyo hivyo, itasoma 18. Tusipende kulalamika kila kitu.

---

Karani wa Mikopo

Nimefanya sasa hivi. Riba kweli inasoma 18, asante. Lakini PAR inasoma 9.00%, na nguzo bado ni 7.75%. Kwa hiyo nimwambie mwenyekiti sasa zipo tatu?

---

Bi Takwimu

Mleta uzi, programu imefanya ilichoambiwa. Ukiburuta safu yenye namba ukaiweka kwenye Tooltips, Power BI kwa kawaida inaijumlisha, iwe ni pesa, riba au umri. Hiyo 11,340 igawanye kwa 18 unapata 630. Bila shaka ndiyo idadi ya mikopo ya Mjini. Fundi wenu alijumlisha 18 mara 630, na hakuwahi kupeleka mausi juu ya nguzo yake mwenyewe, maana angeliona kosa hilo hapo hapo.

Maandishi hayajumlishiki, kwa hiyo inachukua First, na hiyo First ni ya alfabeti. Haina uhusiano na nani anadaiwa zaidi. Huyo dada kosa lake ni jina kuanza na A. Angeajiriwa mwingine anayeanza na Aa, barua ingekwenda kwake.

Mzee wa Shortikati, kwenye riba umepatia kwa sababu wote wanalipa sawa. Kwenye PAR umekosea. Karani, nitajie salio la kila afisa wa Mjini na PAR yake.

---

Karani wa Mikopo

A ana milioni 400, PAR 4%. Wa pili ana milioni 200, PAR 9%. Wa tatu milioni 200, PAR 14%.

---

Bi Takwimu

Haya, tuhesabu pamoja. A amechelewesha milioni 16, wa pili 18, wa tatu 28. Jumla 62. Salio lote 800. Gawanya 62 kwa 800, unapata 7.75%, kwa hiyo nguzo yenu inasema kweli. 27 ni 4 na 9 na 14 zimejumlishwa. 9 ni hizo hizo zimegawanywa kwa tatu, kana kwamba anayeshika milioni 400 ana uzito sawa na anayeshika 200. Asilimia huwezi kuichukua ikiwa imeshapikwa ukaichanganya tena. Unarudi kwenye pesa zenyewe. Toa safu zote zilizowekwa humo, kisha kwa New measure andika hivi, kila moja peke yake:

```
Salio = SUM(Mikopo[Salio])

Zilizochelewa =
CALCULATE([Salio], Mikopo[SikuZaKuchelewa] > 30)

Idadi ya mikopo = COUNTROWS(Mikopo)
```

PAR30 ni Zilizochelewa kugawanya kwa Salio, na nadhani hiyo fundi anayo tayari, ndiyo maana nguzo iko sawa. Kwenye Tooltips weka Zilizochelewa, Salio na Idadi ya mikopo. Basi. Majina yanayoonekana unaweza kuyabadilisha kwa kubofya mara mbili palepale, yasomeke kwa lugha ya bodi badala ya "Sum of".

Kwenye chati ya asilimia, mtu anayesimamisha mausi juu ya nguzo mara nyingi anauliza: asilimia ya ngapi? Mnadani ingesoma "milioni 10 kati ya milioni 40, mikopo 4", mwenyekiti angeelewa mwenyewe kwamba mkopaji mmoja akilipa nguzo inalala, na meneja asingeaibishwa.

---

Mtumiaji wa Eksel

Samahani kuingilia, na mimi nina tatizo hilo hilo. Nikigusa nguzo inatokea Series "2023" Point "Machi" Value: 48. Hiyo New measure naipata menyu gani? Nimetafuta sijaiona. Natumia Excel.

---

Bi Takwimu

Hiyo ni Excel ndugu, tunazungumzia kitu kingine. Kisanduku cha Excel hakibadilishwi maandishi yake kutoka kwenye menyu, labda uandike VBA, na sikushauri. Tumia lebo za kudumu: ongeza Data Labels, kisha kwenye mipangilio yake chagua Value From Cells, uelekeze kwenye seli ulizoandika maelezo yako. Ipo tangu toleo la 2013.

---

Mkandarasi Mstaafu

Nami niwatetee mafundi kidogo. Mnalaani kijana wa watu, je, kwenye hadidu za rejea mliandika kisanduku kiwe na nini? Nimefanya kazi hizi. Mteja anakupa orodha ya chati, anakagua rangi na nembo, anasaini. Hakuna anayegusa nguzo hata moja siku ya makabidhiano. Halafu mtu wa pale ofisini anakwambia "ongeza na afisa, ongeza na riba", unaburuta, unaondoka. Inawezekana hata huyo fundi aliombwa.

---

Karani wa Mikopo

Aliombwa, ndiyo. Lakini kuombwa kuweka afisa si kuweka afisa wa alfabeti! Hata dereva ukimwambia nipeleke Kariakoo akakushusha Ubungo, huwezi kusema abiria hakufafanua.

Bi Takwimu, nimefuata maelekezo, Mjini inasoma milioni 62 kati ya 800, mikopo 630. Nashukuru sana. Sasa bodi bado inataka kuona maafisa. Nifanyeje?

---

Bi Takwimu

Usiwaweke kwenye kisanduku cha kawaida, maana pale kila mstari ni thamani moja tu. Tengeneza ukurasa mpya kwenye ripoti. Kwenye mipangilio ya ukurasa, chini ya Page information, washa Allow use as tooltip. Ukubwa wake chagua Tooltip, ni 320 kwa 240, padogo kweli, kwa hiyo usijaze. Weka chati moja ya nguzo za kulala, maafisa kwa Zilizochelewa, na juu yake mstari mmoja wenye salio na idadi ya mikopo. Rudi kwenye chati kubwa, Format, General, Tooltips, pale Type chagua Report page, halafu chagua ukurasa wako. Ukurasa wenyewe ufiche wasiufungue peke yake.

Ukigusa Mjini, ukurasa huo unajichuja wenyewe kwa Mjini, na wale watatu wanatokea kila mmoja na milioni zake. Ila vichujio vingine vya ripoti navyo vinaingia humo. Kama bodi imechagua mwezi wa Machi na wewe umeweka mstari wa mwenendo wa mwaka, utaona nukta moja tu ya Machi imekaa katikati. Watu wengi wanadhani chati imeharibika.

Na usiweke kitufe humo ndani. Ukisogeza mausi ukibofye, kisanduku kimeshatoweka.

---

Katibu Muhtasi

Sisi bodi yetu hailetewi kompyuta. Mimi ndiye ninayechapa PDF na kuwagawia wajumbe. Haya yote ya kugusa nguzo kwenye karatasi yako wapi?

---

Bi Takwimu

Hayapo, na hoja yako ni nzito. Kama karatasi ndiyo inayosomwa, idadi ya mikopo iandikwe kwenye jina la tawi lenyewe, "Mnadani, mikopo 4". Kitu ambacho bila hicho nguzo inadanganya kisifichwe kwenye mausi hata siku moja. Maafisa ndio wanaweza kubaki ndani.

---

Mzee wa Shortikati

Nakubali kwenye Average niliteleza. Lakini majina ya maafisa siyakubali kabisa. Ripoti hiyo matawi yote yanaiona. Kesho mwenye milioni 28 atachekwa na wa tawi lingine, wakati pengine alirithi mikopo mibovu ya aliyehama. Wekeni namba ya afisa, bodi ina orodha yake.

---

Karani wa Mikopo

Namba watazikariri ndani ya wiki, tunafahamiana wote. Na nikiondoa majina, huyo dada atasafishwaje, wakati barua aliyoandikiwa ilitokana na jina lake kuonekana?

---

Bi Takwimu

Hilo si la Power BI. Kamuonyeshe mwenyekiti zile hesabu za 16, 18 na 28, barua ifutwe kwa barua. Kuhusu majina, kwangu tuliyaacha kwa mameneja tu, na bado tunabishana.