Mjadala: Usiku uzungushwe kwa wote, au apewe anayeutaka?

Swali: Wodi yetu Tanzania ina wauguzi 8, kila zamu inahitaji 2, saa 8 kila moja. Wawili wanaomba usiku wa kudumu, wengine wanalalamika hawaonji ofu ya Jumapili. Rosta ipangweje?

Chapakazi: Waachieni wawili hao usiku wao, kelele zitaisha.

Kalamu Nyekundu: Siku wakiwa ofu nani anashika usiku? Wengine watavutwa tu, tena bila mpangilio. Chukueni mzunguko wa siku 8:

```
A A J J U U O O
```

A ni asubuhi, J jioni, U usiku, O ofu. Tarehe 1 kila mmoja asimame kwenye herufi yake, kisha kila siku wote wasogee herufi moja kulia. Aliye mwisho anarudi mwanzo. Kila zamu inapata 2. Wiki ina siku 7 na mzunguko 8, kwa hiyo ofu haigandi siku moja. Baada ya wiki 8 kila mtu ana usiku 14 na ofu 14, mbili zikiwa Jumapili. Rosta ya siku 7 ndiyo inayomfunga mtu na ofu ya Jumanne mwaka mzima.

Mama Wawili: Hizo ofu mbili kiukweli ni moja. Anayetoka usiku saa 1 asubuhi, ile ya kwanza analala tu.

Kalamu Nyekundu: Kweli dada, ndiyo maana isiguswe hata moja. Zikiwa mbili anapumzika saa 48 mfululizo. Wala msigeuze mwelekeo: anayetoka jioni saa 5 usiku akirudi saa 1 asubuhi amepata saa 8, na sheria ya ajira inataka 12.

Bodaboda Saa Tano: Posho ya usiku je? Kwetu hatujaiona.

Kalamu Nyekundu: Ndugu, hapa tunapanga zamu. Ila sheria inataja asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa saa za kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Mpiga Hesabu: Mzunguko ni mzuri kwenye karatasi. Wastani ni saa 42 kwa wiki, lakini wiki 2 kati ya 8 zina ofu moja tu, yaani saa 48, juu ya kikomo cha sheria cha 45. Saa 3 hizo ziandikwe za ziada. Halafu likizo: watu 8 mara siku 28 ni siku 224. Zaidi ya nusu ya mwaka kuna nafasi wazi, bado hujahesabu ugonjwa.

Kalamu Nyekundu: Hapo toeni mtu kwenye A, ambako kiongozi wa wodi yupo, si kwenye U. Muuguzi wa 9 ndiyo dawa. Na wakibadilishana, usiku uhesabiwe kwa aliyeufanya, si kwa aliyepangiwa.

Mama Wawili: Kiongozi wetu ana makaratasi ya wodi nzima, wagonjwa hawaoni mkono wake. Na mjamzito? Miezi 2 kabla ya kujifungua hapangiwi usiku, U zake nani anabeba?

Chapakazi: Wale wawili wanaozitaka.