Sijawahi kukopa benki wala kwa simu: nianzeje kujenga rekodi ya ulipaji?

FundiWaLikoni

Assalaam aleikum wanajukwaa, na habari zenu nyote. Mimi ni fundi cherehani hapa Likoni, Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa saba katika kazi hii. Natafuta shilingi 120,000 za kununulia cherehani ya umeme ya kiwandani pamoja na ovaloki, kwa sababu kila Desemba sare za shule hunizidi nguvu nikalazimika kuwagawia mafundi wengine.

Benki niliyoiendea iliniambia kwamba jina langu halina doa lolote CRB, yaani kwenye ofisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, lakini halina chochote kingine pia, na kwa hiyo hawana cha kunipimia. Mikopo niliyowahi kuchukua ni ya chama chetu cha akina mama 12 tu, na yote minne nimeilipa bila kuchelewa hata siku moja. Niseme pia mapema kwamba wateja wangu hulipia kwenye laini ya kaka yangu, kwani nilipoanza kazi sikuwa na kitambulisho, na mambo yakabaki hivyo. Naomba ushauri wenu.

Kijana_wa_Kongowea

Dada, anza na simu. Mimi nilianza na shilingi 500 za Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 2022, nikawa nalipa kabla ya siku 14 kuisha, na kiwango changu kikapanda. Baada ya hapo jisajili kwenye programu tano au sita za mikopo, ukope kidogo kidogo kila mahali na ulipe siku hiyo hiyo, ili jina lako lienee kwa wakopeshaji wengi.

Baba_Wawili

Pole sana dada kwa kuorodheshwa CRB, maana nami yalinikuta. Nilikopa 4,000 kwa simu, nikachelewa, kisha nikalipa 4,000 zile nikidhani nimemaliza. Kumbe ilibaki faini ya shilingi 180. Ilani ya siku 30 ambayo mkopeshaji hupaswa kuitoa kabla ya kukuorodhesha ilitumwa kwenye nambari niliyokwisha kuiacha. Faini nimeilipa, lakini habari ya mkopo ule itaendelea kuonekana kwa miaka mitano tangu siku niliyoumaliza. Omba cheti cha kuondolewa haraka.

FundiWaLikoni

Ahsante kaka, na pole kwa yaliyokupata. Mimi sikuorodheshwa, shida yangu ni kwamba sina habari yoyote, si nzuri wala mbaya.

AfisaMikopoMstaafu

Binti yangu, nimekaa nyuma ya meza ya mikopo ya Sacco kwa muda mrefu, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Kijana wetu ana haki katika jambo la kwanza. Hustler Fund hutoza riba ya 8% kwa mwaka, na kukopa kiasi kidogo ukakirejesha kwa wakati ni mwanzo mzuri. Hizo programu tano au sita ndizo sikubaliani nazo. Mwaka 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa wasipeleke habari CRB, na kwa hiyo ukimlipa vizuri mkopeshaji asiye na leseni, uaminifu wako unabaki kwake peke yake. Zaidi ya hayo, kila mkopeshaji anapolichungulia jina lako, alama ya kuchungulia huko hubaki. Nilipokuwa nikiona mtu ameulizwa mara sita katika mwezi mmoja, nilimsoma kama mtu anayekopa ili alipe deni jingine, hata kama hakuwa hivyo.

Hata hivyo, kwangu jambo kubwa kuliko yote ni lile ulilolitaja kwa kupita, yaani laini ya kaka yako. Miaka saba ya jasho lako imeandikwa kwa jina lake. Akienda yeye kuomba mkopo leo ataonekana mfanyabiashara, nawe utaonekana mtu asiye na kipato. Fungua Pochi la Biashara kwenye laini yako mwenyewe wiki hii, ubandike nambari mpya ukutani, na uwaombe wateja wasiitumie tena ile ya zamani. Afisa atataka taarifa ya M-Pesa ya miezi sita angalau, na atakachokitazama si jumla ya fedha zilizoingia tu. Mimi nilikuwa natazama salio la siku za katikati ya mwezi: likishuka hadi sifuri kila baada ya mteja kulipa, nilijua hapana nafasi ya marejesho hapo.

Pili, jiunge na Sacco yenye leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, na kabla ya kulipa ada ya kiingilio uliza kama wao hupeleka CRB habari za wanaolipa vizuri, kwani wako wanaokumbuka kupeleka za wasiolipa tu. Tofautisha hisa na akiba. Hisa ni za kukufanya mwanachama. Akiba ndiyo inayozidishwa, mara nyingi mara tatu. Ukiweka akiba ya 3,000 kwa mwezi kwa miezi sita utakuwa na 18,000, na kiwango cha juu kitakuwa 54,000.

Usizichukue zote. Chukua 36,000 za miezi 12, ununue ovaloki kwanza. Kwa riba ya 1% kwa mwezi inayotozwa kwenye salio linalobaki, mwezi wa kwanza utalipa 3,000 za deni na 360 za riba, mwezi wa pili riba itakuwa 330, na itashuka hivyo hadi 30 mwezi wa mwisho. Jumla ya riba ni 2,340. Sasa linganisha: M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya 7.5% kwa siku 30, na kwa 36,000 hiyo ni 2,700 ndani ya mwezi mmoja. Lakini sikiliza vizuri wanapokutajia asilimia. Asilimia 1 ile ile ya kila mwezi, yaani 12 kwa mwaka, ikitozwa kwenye deni lote la mwanzo bila kupungua, utalipa 4,320.

Kijana_wa_Kongowea

Mzee, hapo kwenye alama za kuchungulia umenifungua macho. Lakini akilipa mkopo wa Sacco wote mapema, si ndiyo rekodi itakuwa nzuri zaidi?

AfisaMikopoMstaafu

Ataokoa riba, na mwenye fedha sioni kwa nini asifanye hivyo. Ila kwa macho ya anayempima, marejesho 12 yaliyofika tarehe ileile yanaonyesha mwendo wa mtu kuliko rejesho moja kubwa. Wenzangu wengine walikuwa hawakubaliani nami katika hili.

UmmKisauni

Nami naomba kuuliza. Sisi tusiotaka riba tufanyeje?

AfisaMikopoMstaafu

Kuna benki za Kiislamu hapa nchini tangu 2008. Kwa murabaha, benki hununua mashine yenyewe kisha hukuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana tangu mwanzo, nawe unalipa kwa awamu. Taarifa ya miezi sita wataitaka vilevile.

FundiWaLikoni

Shukrani sana mzee. Nimezungumza na kaka yangu jana jioni, naye hakupendezwa sana, kwani yeye amekuwa akipewa mkopo mkubwa wa Fuliza kwenye laini hiyo kwa sababu ya fedha zangu. Hata hivyo karatasi yenye nambari mpya nimeibandika juu ya meza ya kukatia, na wateja watatu wameshalipia hapo. Swali langu lililobaki ni kuhusu daftari la chama lenye sahihi za mweka hazina: nikienda Sacco nalo, lina uzito wowote?

AfisaMikopoMstaafu

CRB haliingii. Mezani kwangu lilikuwa na uzito wa maneno ya jirani mwema: lilinisaidia kuamua, lakini sikuweza kuliambatisha kwenye faili. Wapeleke wenzako wawili wa chama hicho wajiunge nawe, maana watu waliokuona ukilipa mara nne ndio watakaokubali kukudhamini.